Uzi: Petroli ikishuka duniani kwa asilimia 10, kwa nini Mwanza inashuka kwa asilimia 4 tu?

Mkokotoaji wa Nyamagana (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA inapotoa bei kikomo mpya, maneno ni yale yale katika vijiwe vya bodaboda vya Buzuruga, Igoma na Nyegezi. Redio imesema mafuta yameshuka sana duniani, lakini bango la kituo limepungua shilingi chache, na hitimisho linalotolewa papo hapo ni kwamba kuna mtu katikati aliyekula tofauti hiyo. Nimefanya kazi ya hesabu za kampuni za mafuta kwa muda mrefu na ninaamini kwamba mwananchi anayelipia lita anastahili kujua imejengwaje. Kwa hiyo uzi huu nitaushikilia kwenye swali hilo moja la kwenye kichwa, kwa mfano wa petroli inayouzwa hapa Mwanza.

Kanuni yenyewe, ukiiondolea mistari midogo midogo, ina umbo hili:

```
Bei ya pampu = (FOB + premiamu) × kiwango cha dola ÷ lita kwa tani
             + gharama za bandarini
             + kodi na tozo
             + gharama na faida ya kampuni na kituo
             + usafirishaji hadi wilayani
```

FOB ni bei ya tani moja ya petroli iliyosafishwa katika soko la Uarabuni, kama inavyochapishwa na Platts, kampuni inayokusanya na kutangaza bei za soko. Hapo kuna jambo la kwanza linalowapotosha wengi, kwa sababu bei inayosomwa redioni kwa kawaida ni ya pipa la mafuta ghafi, ambayo sisi hatuagizi. Mafuta ghafi yanaweza kushuka huku petroli iliyosafishwa ikisimama palepale kwa kuwa viwanda vya kusafishia vina uhaba, na kanuni inaangalia petroli peke yake.

Premiamu ni kile anachoongeza muuzaji juu ya bei ya soko ili kugharimia meli, bima na faida yake. Tangu 2012 mafuta ya nchi hii yanaagizwa kwa pamoja, na zabuni sasa zinasimamiwa na wakala wa serikali, PBPA; anayeshinda ni yule aliyetaja premiamu ndogo. Kwa hiyo FOB haijadiliwi na mtu yeyote hapa nchini, ila premiamu inashindaniwa.

Sasa tufanye hesabu. Tarakimu ninazotumia ni za mfano, nimezizungusha ili zifuatike kwa urahisi, lakini ukubwa wake hauko mbali na hali halisi ya miaka hii. Tuchukue FOB ya dola 700 kwa tani na premiamu ya dola 60, yaani tani moja imefika bandarini Dar es Salaam kwa dola 760. Dola tuipe shilingi 2,500. Tani moja ya petroli ina takriban lita 1,340. Ukizidisha na kugawanya, lita moja imefika kwa shilingi 1,418.

Ongeza shilingi 60 za bandarini, ukaguzi na ada ndogo za taasisi. Ongeza shilingi 990 za ushuru wa bidhaa, tozo ya barabara na tozo ya nishati vijijini kwa pamoja. Ongeza shilingi 240 za kampuni iliyoagiza na mwenye kituo. Ongeza shilingi 165 za lori kutoka ghala la Dar es Salaam hadi Mwanza. Jumla ni shilingi 2,873.

Tazameni jumla hiyo vizuri. Sehemu ambayo soko la dunia linaweza kuigusa ni zile shilingi 1,418 tu, ambazo hazifiki nusu ya bei, na hata ndani yake imo premiamu. Tuseme sasa FOB imeshuka kwa asilimia 10 kamili, kutoka dola 700 hadi 630, na mengine yote yametulia. Lita inafika kwa shilingi 1,287, pungufu ya shilingi 131. Pampu ya Mwanza inasoma 2,742. Kushuka kwa asilimia 10 kule kumekuwa asilimia 4 na nusu hapa, na hakuna senti iliyopotea njiani.

Maswali yanakaribishwa, ila naomba tusitoke nje ya hesabu.

Kijana wa Buzuruga

Mkuu, asante kwa kutuwekea wazi. Hata hivyo nadhani umeisaidia serikali kwa kuipunguzia lawama. Kodi ni asilimia. Mafuta yakipanda, VAT inapanda pamoja nayo, na ndiyo maana serikali haina haraka ya kuona bei inashuka. Na 2022, bei zilipopaa, tuliona wazi kwamba waliondoa kodi kidogo na bei ikapungua. Kwa hiyo wakitaka wanaweza.

Mkokotoaji wa Nyamagana

Kijana wangu, umeshika ncha moja ya jambo la kweli, lakini ncha nyingine imekuponyoka.

Petroli na dizeli kwetu havitozwi VAT. Kodi na tozo kubwa zinatajwa kwa shilingi kwa lita, si kwa asilimia ya thamani. Ushuru wa bidhaa kwa petroli umekuwa shilingi 379 kwa lita, na tozo ya nishati vijijini shilingi 100. Iwe meli imenunuliwa kwa dola 500 kwa tani au kwa dola 1,100, shilingi hizo hubaki zile zile mpaka Bunge libadilishe sheria ya fedha. Kwa hiyo bei ya dunia ikipanda, mapato ya serikali kwa kila lita hayapandi. Yakibadilika, hubadilika kwa sababu watu wananunua lita nyingi zaidi au chache zaidi.

Matokeo yake yana pande mbili. Wakati wa kupanda, kodi ya shilingi haiongezi moto, na hiyo ni nafuu. Wakati wa kushuka, haishuki hata kidogo, na hapo ndipo mwananchi anapoona uzito wake. Katika mfano wetu shilingi 990 zilikuwa asilimia 34 ya bei kabla ya kushuka, na baada ya kushuka zikawa asilimia 36, ingawa hakuna aliyeongeza kodi.

Kuhusu 2022, kilichotokea hakikuwa kuondoa kodi. Serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi, kuanzia bei za Juni. Mistari ya kodi ilibaki mahali pake, na chini yake ukaongezwa mstari wa kutoa. Tofauti hii si ya maneno. Kodi ikiondolewa, mfuko wa barabara na wa nishati vijijini unakosa fedha moja kwa moja. Ruzuku ikitolewa, mifuko hiyo inapata fedha zake na hazina inabeba mzigo kwa njia nyingine. Mtu anaweza kupendelea moja kuliko nyingine, lakini asizichanganye anapodai.

Kijana wa Buzuruga

Nimekubali kuhusu VAT. Lakini bado nashikilia kwamba asilimia 34 ni nyingi, na kwamba kodi ya shilingi inamwumiza zaidi mwenye kipato kidogo. Hilo halijajibiwa na hesabu.

Mkokotoaji wa Nyamagana

Ni kweli, halijajibiwa. Hesabu inaonyesha kodi imekaa wapi; ikae kiasi gani ni suala la Bunge na wapiga kura.

Sirari Njia Panda

Habari zenu. Mimi nipo mpakani, na petroli ya upande wa pili huwa naiona kila siku. Swali langu ni kwamba Kenya nao wana mdhibiti, EPRA, anayetangaza bei kila mwezi kwa kanuni kama hii. Kwa nini basi bei hazifanani, na wakati mwingine moja inapanda huku nyingine inashuka?

Mkokotoaji wa Nyamagana

Ndugu wa Sirari, nitagusa tu mambo mawili yanayohusu hesabu yetu. Kwanza kalenda: EPRA hutangaza bei zinazoanza tarehe 15 na kuishia tarehe 14 ya mwezi unaofuata, wakati sisi ni Jumatano ya kwanza, kwa hiyo mnapolinganisha siku moja mnalinganisha shehena za nyakati tofauti. Pili, na hili ndilo linalomhusu kijana wa Buzuruga, Kenya wanatoza VAT kwenye mafuta, na Julai 2023 waliipandisha kutoka asilimia 8 hadi 16. Kule bei ya dunia ikipanda, sehemu hiyo ya kodi inapanda nayo, na ikishuka inashuka nayo. Kwa hiyo alichokieleza kijana kipo kweli, ila kipo ng'ambo ya mpaka wako.

Mama Kituo

Nashukuru kuona mtu anaeleza bila kututukana sisi wenye vituo. Ninaendesha kituo kidogo njia ya Usagara. Kuna mambo mawili ambayo wateja hawayaoni kwenye zile shilingi 240.

La kwanza ni mabadiliko ya usiku wa manane. Bei mpya inaanza saa 6:01 usiku. Ikiwa Jumatatu nilipokea lori zima kwa bei ya jumla ya mwezi uliopita, na Jumatano bei kikomo ikashuka shilingi 130, lita zote zilizobaki ndani ya tangi nitaziuza chini ya nilivyonunua. Sehemu ya kituo katika ile faida ni ndogo kuliko anguko hilo, kwa hiyo kila lita ninayoiuza ni hasara mpaka tangi liishe. Ndiyo sababu mwisho wa mwezi, kila mtu akihisi bei itashuka, vituo vingi vinaagiza mafuta machache, na mteja anakuta pampu mbili kati ya nne zimefungwa. Sisemi ni sahihi kumnyima mteja, nasema ndiyo sababu.

La pili ni kwamba petroli inapungua yenyewe kwa kufuka. Lori linapakiwa usiku Dar es Salaam, linashushwa hapa mchana wa jua kali, na kijiti cha kupimia tangi hakisomi kile kilichoandikwa kwenye hati ya ghalani.

Mkokotoaji wa Nyamagana

Mama, umesema ukweli ambao watu wa ofisini huusahau. Kufuka kumewekewa mstari wake ndani ya kanuni, na petroli inaruhusiwa upotevu mkubwa kidogo kuliko dizeli kwa sababu ni nyepesi. Ila ile hasara ya tangi lililonunuliwa kwa bei ya zamani haina mstari. Kanuni inachukulia kwamba mwezi wa kupanda, ambapo kituo kinauza mafuta ya bei ya zamani kwa bei mpya, unafidia mwezi wa kushuka. Kwa kampuni yenye vituo vingi na mtaji mpana huenda ikawa hivyo. Kwa mwenye kituo kimoja anayenunua kwa mkopo wa benki, miezi mitatu ya kushuka mfululizo inaweza kumfunga kabla mwezi wa kupanda haujafika. Mimi naona huo ni udhaifu wa kweli wa kanuni.

Jambo la Mama linanipeleka kwenye suala la muda. Mafuta tunayouziwa mwezi huu kwa kawaida ni yale yaliyopokelewa bandarini mwezi uliopita, na bei yake ya soko ilichukuliwa kwa wastani wa mwezi uliotangulia huo. Maana yake, bango la Juni linasimulia soko la Aprili. Bei ikianguka duniani mwishoni mwa Mei, atakayeitafuta Mwanza mwezi Juni hataiona, na wala haijafichwa, haijapakiwa melini. Kucheleweshwa huku kunafanya kazi pande zote mbili. Mwezi ambao vita au mgomo umelipua bei duniani, sisi bado tunauziwa kwa bei ya utulivu, na hakuna anayelalamika mwezi huo.

Mwenye Fuso

Wakuu, mimi ni dereva wa mizigo, natumia dizeli. Nilisikia kwamba ushuru wa dizeli ni mdogo kuliko wa petroli. Ni kwa nini basi kuna miezi dizeli inaizidi petroli bei? Hapo kuna mchezo.

Mkokotoaji wa Nyamagana

Ndugu dereva, ulichosikia kuhusu ushuru ni sawa. Ushuru wa bidhaa kwa dizeli umekuwa shilingi 255 kwa lita dhidi ya 379 za petroli, tofauti ya shilingi 124. Lakini rudi kwenye mstari wa kwanza wa kanuni, pale tunapogawanya kwa lita zilizomo katika tani. Dizeli ni nzito zaidi. Tani moja ya dizeli ina takriban lita 1,190 tu, si 1,340. Kwa dola zile zile 760 kwa tani, lita ya dizeli inafika bandarini kwa shilingi 1,597, wakati ya petroli ni 1,418. Tofauti ya shilingi 179 inatokana na uzito peke yake, hata kabla hatujauliza kama soko limeipandisha dizeli. Nafuu ya ushuru inameza shilingi 124, na 55 zinabaki juu yako. Mwezi ambao tani ya dizeli inauzwa kwa bei ndogo kuliko tani ya petroli, kwa kiasi cha kutosha kufuta hizo 55, utaona mambo yanageuka.

Mvuvi wa Ukara

Salamu kutoka kisiwani. Nimesoma yote, na naomba mnisaidie kwa jambo langu. Nina mitumbwi miwili ya dagaa yenye mashine za petroli. Bei kikomo ya Ukerewe naijua, lakini hapa mwaloni lita naipata kwenye dumu kwa bei ya juu sana kuliko ile iliyotangazwa. Kila usiku wa giza tunatoka, na mafuta ndiyo gharama inayokula samaki. Je, nimshtaki muuzaji kwa kukiuka bei kikomo? Na kwa nini kanuni hiyo isituwekee bei ya kisiwa?

Mwalimu wa Hisabati, Magu

Ndugu Mvuvi, kila wilaya ina bei yake kwenye jedwali. Ukara ipo wilaya ya Ukerewe, kwa hiyo bei ya Ukerewe ndiyo bei yako, na anayezidisha ni mvunja sheria. Piga *152*00# ufuate maelekezo, utaiona bei ya wilaya yako, kisha umwonyeshe.

Mkokotoaji wa Nyamagana

Mwalimu, nusu ya jibu lako nakubaliana nayo, na hiyo namba ni ya manufaa kwa kila mtu. Nusu nyingine inahitaji tahadhari, kwa sababu ndugu yetu anaweza kwenda kugombana na jirani yake kisha akose msaada.

Bei kikomo inakibana kituo chenye leseni, kwenye pampu yake, ndani ya wilaya iliyotajwa. Usafirishaji uliohesabiwa ni wa lori kutoka ghala la bandarini hadi makao ya wilaya, na kwa Ukerewe ni pamoja na kuvuka maji hadi Nansio. Kutoka hapo hadi mwalo wa Ukara, dumu linapakiwa kwenye boti, linalipiwa nauli, linashushwa kwa mabega, na anayeliuza si kituo. Hakuna mstari hata mmoja ndani ya kanuni unaogharimia safari hiyo. Anayeuza mafuta kwenye dumu ana kosa, lakini kosa lake ni la leseni na usalama zaidi kuliko la bei. Ukimshtaki, matokeo ya karibu kabisa ni kwamba mwalo wako utabaki bila petroli, usiku huo huo wa giza.

Dawa niionayo mimi ni kituo kidogo chenye leseni karibu na mwalo. Siku kikisimama, bei ya Ukara italazimika kuwa na hesabu yake, kwa kuwa lita iliyovushwa maji mara ya pili haiwezi kugharimu sawa na ya Nansio.

Mvuvi wa Ukara

Nimeelewa. Lakini hapo unaniambia kwamba kanuni inaishia Nansio, na samaki hawaishi Nansio.

Mkokotoaji wa Nyamagana

Ndivyo inavyosimama leo, ndugu yangu, na sitakudanganya kwamba imekufikia.

Binti wa Sengerema

Mimi naomba tuendelee na hilo la usafirishaji. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, malori hayasubiri tena kivuko. Je, kanuni inaliona daraja? Kwa nini Sengerema isishuke mara moja?

Mkokotoaji wa Nyamagana

Swali zuri, na njia ya kulipima ipo mikononi mwako. Chukua jedwali la bei kikomo la mwezi wowote, toa bei ya Dar es Salaam kutoka bei ya Mwanza mjini, kisha fanya hivyo hivyo kwa Sengerema, Misungwi, Magu na Ukerewe. Rudia kwa mwezi uliotangulia na kwa mwezi kama huo mwaka uliopita. Utaona kwamba bei yenyewe inaruka huku na kule, lakini tofauti kati ya miji inakaa karibu palepale, kwa sababu kodi, bandari na soko la dunia ni vile vile kwa wote wanaohudumiwa na bandari moja. Kinachowatenganisha ni usafiri. Tofauti hiyo ikibadilika, ujue kiwango cha usafirishaji, au umbali unaohesabiwa, umebadilishwa. Linganisha ile ya kabla ya Juni 2025 na ya sasa, utaona mwenyewe kama daraja limeingia kwenye jedwali.

Nakuomba tu usitegemee makubwa. Daraja limeokoa saa nyingi za foleni, lakini limepunguza kilomita chache sana katika safari inayozidi kilomita 1,100, na kiwango cha usafirishaji hufuata zaidi kilomita kuliko saa.

Angalizo moja kwa watakaofanya zoezi hili: wasiilinganishe Mwanza na Arusha. Mikoa ya kaskazini inahesabiwa kwa mafuta yanayoshushwa Tanga, na ya kusini kwa yale ya Mtwara. Meli ya Tanga inaweza kuwa na premiamu yake na tarehe yake, kwa hiyo Arusha inaweza kupanda mwezi ambao Mwanza inashuka.

Mwenye Duka, Kirumba

Nimefuatilia kimya. Ninachokiona ni kwamba mmeeleza soko la dunia na kodi, lakini mwezi fulani taarifa ilisema bei ya dunia imeshuka, na bei yetu ikapanda. Hilo asilimia 4 zako haziwezi kulieleza.

Mkokotoaji wa Nyamagana

Linaelezeka kwa vipengele viwili ambavyo hapo mwanzo niliviacha vimetulia makusudi: premiamu na dola.

Turudi kwenye mfano. FOB imeshuka hadi 630, lakini tuseme meli zimekuwa adimu na premiamu imepanda kutoka dola 60 hadi 75. Tani inafika kwa dola 705, lita kwa shilingi 1,315. Badala ya kupungua shilingi 131, pampu inapungua 103. Sasa tuseme katika kipindi hicho hicho shilingi imedhoofika, na dola imetoka 2,500 hadi 2,600. Lita inafika kwa shilingi 1,368. Nafuu iliyobaki ni shilingi 50, chini ya asilimia 2 ya bei ya Mwanza, ingawa kichwa cha habari bado kinasema petroli imeshuka kwa asilimia 10 duniani. Sukuma dola mpaka 2,700 na lita itafika kwa shilingi 1,421. Nafuu yote imekwisha, na tuko shilingi 3 juu ya tulipoanza.

Kwa wanaotaka kukisia wenyewe, shikeni vipimo viwili. Kwa viwango vya mfano huu, kila dola 10 kwenye tani ya petroli ni karibu shilingi 19 kwenye lita, na kila shilingi 100 kwenye dola ni karibu shilingi 57 kwenye lita. Ninyi wenye maduka ya Kirumba mnaijua dola kuliko wengi wetu, na 2023, ilipokuwa haipatikani, mliona wenyewe jinsi bidhaa zote za nje zilivyobadilika. Mafuta hayakuwa tofauti.

Taarifa kwa umma inayotolewa na EWURA huwa inataja sababu hizi: soko la dunia limebadilika kwa asilimia ngapi, premiamu imebadilikaje kwa kila bandari, na dola imekwendaje. Magazeti mengi huchapa jedwali la bei na kuacha aya hiyo, na ndiyo aya inayostahili kusomwa kwanza.

Kijana wa Buzuruga

Nimefanya ile hesabu ya kutoa Dar es Salaam kutoka Mwanza kwa majedwali matatu niliyoyapata kwenye simu. Tofauti haikusogea zaidi ya shilingi chache. Nimeshangaa, kwa sababu nilidhani huku ndiko tunakopigwa. Swali langu la mwisho: hii ni bei elekezi, siyo? Yaani kituo kinaweza kuizidi kikiwa na sababu?

Mama Kituo

Hapana mwanangu, ni kikomo. Kuizidi ni kosa, na faini yake si ya kuchezea. Kushuka chini yake inaruhusiwa, na wapo wanaoshuka. Ukipita barabara ya Nyerere utakuta kituo kimoja kiko chini ya jirani yake kwa shilingi 5 au 10, hasa wale wenye mtaji wao wenyewe wasiolipa riba. Tazama bango kabla hujaingia, na udai risiti inayotoka kwenye pampu, kwa sababu bila hiyo hata ukizidishiwa huna cha kuonyesha.

Mkokotoaji wa Nyamagana

Hapo Mama amegusa jambo ambalo sisi tuliokuwa ofisini tumelijadili mara nyingi bila kukubaliana. Kanuni inafidia kampuni zote wastani mmoja wa gharama. Mwenye gharama ndogo angeweza kushuka bei sana, lakini kikomo kinakuwa kama mahali pa kusimama kwa wote, na ushindani unabaki wa shilingi 5 au 10. Wapo wanaosema kikomo kikiondolewa miji mikubwa kama Mwanza itapata bei ndogo zaidi. Wengine wanajibu kwamba Kwimba na Ukerewe, penye vituo vichache, zitanyongwa. Mimi niko upande wa kuendelea nacho kwa ajili ya hao wa vituo vichache, ila ningependa kuona gharama za kampuni zikipitiwa upya mara kwa mara kwa hesabu zilizokaguliwa.

Mwalimu wa Hisabati, Magu

Mimi niko upande wa pili. Kikomo kibaki kwa wilaya zenye vituo vichache, na kiondolewe Nyamagana na Ilemela kwa majaribio ya mwaka mmoja. Nitaweka hapa tofauti za Magu na Mwanza mjini kwa majedwali yote nitakayoyapata, kisha tuendelee kubishana tukiwa na tarakimu.